Ukipunguza Chakula, Damu na Mifupa Huwaje? Namna ya Kukagua Chuma, Kalsiamu na Vitamini kwa Vyakula vya Mombasa

Wifi yangu anaishi Kisauni, ghorofa ya tatu. Daktari alimwambia presha imeanza kupanda na uzito umezidi, apunguze chakula. Akapunguza kweli kweli. Alianza na mahamri, akafuatisha mbaazi za nazi, akatoa maziwa kwenye chai, mwisho akaacha kula usiku. Baada ya miezi minne kilo tisa zilikuwa zimeondoka na nguo zinampwaya. Lakini alikuwa hawezi kufika mlangoni kwake bila kukaa kwenye ngazi apumzike. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana. Na lipo jambo alilonificha hata mimi: alikuwa akinunua udongo wa kutafuna, na akiukosa anatafuna barafu.

Kazi yangu ni ya lishe, kwa hiyo sikumwuliza anakula nini. Mtu akiulizwa hivyo hutaja chakula cha siku yake nzuri. Nilimpa kidaftari cha shule nikamwambia aandike siku tatu. Nitapita humu kwa kukitumia kidaftari hicho, maana makosa niliyoyakuta ndani yake ndiyo ninayoyakuta kwa watu wengi wanaopunguza chakula hapa mjini.

Hesabu nitakazotoa ni za mwanamke mtu mzima anayepata hedhi, asiye na mimba. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye selimundu wana mahitaji yao mengine, na wao waanzie kliniki kabla ya kubadilisha chochote.

Hatua ya kwanza: andika siku tatu, na uandike saa ya chai

Chagua siku mbili za kawaida na moja ya Ijumaa au Jumapili, ile ya pilau na wageni. Andika papo hapo unapokula. Ukingoja usiku, utasahau kile kipande cha muhogo ulichopewa na jirani na kikombe cha pili cha chai.

Mizani si lazima. Kikombe cha kawaida ni robo lita. Ngumi yako ni kama kikombe kimoja cha mboga au wali uliopikwa. Kiganja bila vidole ni kipande cha samaki au nyama cha gramu 85 hivi. Vya kumwagia, kama ufuta na dagaa wakavu, pima kwa kijiko cha mezani.

Mambo matatu watu huyaacha, nayo ndiyo yanayobadilisha hesabu. La kwanza ni saa uliyokunywa chai au kahawa, na kama ilikuwa pamoja na chakula. La pili ni kama samaki mdogo ulimla mzima au ulimtoa kichwa na miba. La tatu ni unga: wa pakiti au wa posho? Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Mahindi unayopeleka mwenyewe kwenye mashine ya posho hayaongezwi kitu. Pindua pakiti utazame, yapo maandishi na alama ya urutubishaji.

Siku ya Jumanne kwenye kidaftari cha wifi ilikuwa hivi. Saa moja asubuhi: muhogo wa kuchemsha kipande kimoja na chai ya rangi yenye tangawizi. Saa saba mchana: wali nusu sahani, changu kipande cha kiganja kimoja, kachumbari, chai ya rangi. Saa kumi na moja jioni: yai la kuchemsha. Magharibi: ndizi mbivu mbili na chai ya rangi. Basi.

Chakula hicho ni kama kalori 900 hivi. Mtu mzima akishuka chini ya kalori 1200, ni vigumu mno kutosheleza madini yake kwa chakula pekee, hata achague vipi. Kwa hiyo tatizo la kwanza lilionekana hata kabla ya kugusa madini.

Hatua ya pili: hesabu mambo mawili tu

Usihesabu kila kitu, utachoka siku ya pili. Hesabu chuma na kalsiamu. Vitamini nitazieleza mbele, kwani nyingi unaweza kuzikagua kwa macho.

Mwanamke wa miaka 19 hadi 50 anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku. Mwanamume anahitaji 8, na mwanamke aliyekoma hedhi naye 8. Tofauti hiyo ni damu inayotoka kila mwezi. Kalsiamu ni miligramu 1000 kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 huongezwa hadi 1200.

Sasa Jumanne ya wifi. Muhogo, wali, ndizi na kachumbari kwa pamoja vilitoa chuma cha miligramu moja na nusu hivi. Changu ni samaki mweupe, ana protini nzuri ila chuma chake kidogo sana, hata nusu miligramu hakifiki kwa kiganja. Yai likaongeza nusu na ushei. Jumla ni chini ya miligramu 3, naye anatakiwa 18. Kalsiamu ilikuwa mbaya zaidi: hakuna maziwa, hakuna mboga ya majani, hakuna samaki wa kuliwa na mifupa. Tulipojumlisha ilifika kama 120 kati ya 1000.

Yeye alidhani anakula vizuri, kwa sababu sahani ilikuwa na samaki na kachumbari na haikuwa na mafuta. Hilo ndilo linalodanganya. Alipopunguza chakula hakupunguza wali wala muhogo kwa kiasi kikubwa. Aliondoa mbaazi kwa kuogopa nazi, na maziwa kwa kuogopa mafuta. Vile vilivyokuwa vinabeba madini ndivyo vilivyotoka, na vilivyobaki ni vya kujaza tumbo.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wengi watanipinga. Bitiruti haiongezi damu kwa namna inavyosifiwa. Rangi yake nyekundu haitokani na chuma, na gramu 100 hazifiki miligramu moja. Tende ni nzuri kwa kufungulia, ila gramu 100 za tende, ambazo ni nyingi, hutoa kama miligramu moja tu pamoja na sukari tele. Supu ya mifupa nayo haina kalsiamu ya maana. Kalsiamu hubaki kwenye mfupa hata uuchemshe usiku kucha. Kunywa kwa ladha na kwa joto lake, lakini kwenye kidaftari usiiandikie kitu.

Hatua ya tatu: tazama mwili, kisha pima damu

Dalili zinazoonekana ni kuchoka upesi, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, ndani ya kope la chini kupauka badala ya kuwa jekundu, kucha kukatika, na hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Hamu hiyo ya udongo ina ubaya mara mbili. Huja mwili unapoishiwa na chuma, na udongo wenyewe huzuia kile chuma kidogo unachokula kisinyonywe. Wanawake wengi huona haya kuisema. Isemeni, mafundi wa maabara na wauguzi wameisikia mara nyingi.

Lakini dalili hizi huchelewa. Chuma kina ghala lake mwilini, na ghala huisha kwanza kabla damu haijapungua. Kwa hiyo omba vipimo viwili: himoglobini, ambayo ni kiasi cha damu yenyewe, na feritini, ambayo ni ghala. Kwa mwanamke asiye na mimba, himoglobini chini ya 12 huhesabiwa upungufu wa damu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Feritini chini ya 15 maana yake ghala ni tupu. Ujue tu kwamba ukiwa na homa au maambukizo feritini hupanda kwa uongo, hivyo usiipime ukiwa unaumwa.

Wifi alipimwa himoglobini 10.6 na feritini 8.

Kabla ya kulaumu chakula, hapa Pwani yapo mengine ya kuuliza: malaria, minyoo ya safura hasa kwa wanaotembea peku kwenye udongo, hedhi nzito inayopita siku saba, vidonda vya tumbo vinavyovuja damu taratibu, na selimundu. Mwanamume au mama aliyekoma hedhi akikutwa na upungufu wa chuma asiambiwe ale maini aende zake. Achunguzwe damu inapotokea.

Hatua ya nne: rudisha chuma bila kurudisha kilo

Chuma kiko cha aina mbili. Cha nyama, maini na viumbe vya baharini hunyonywa vizuri. Cha maharage, nafaka na majani hunyonywa kwa shida, na hutegemea umekila pamoja na nini.

Hapa Mombasa tuna kitu ambacho watu wa bara hawanacho karibu: pweza. Kiganja kimoja cha pweza aliyepikwa kina chuma kama miligramu 8, mafuta karibu hakuna, na kalori hazifiki 150. Nyama ya ng'ombe kwa kiganja hicho hicho hutoa kama miligramu 2, na maini ya ng'ombe kama 5. Watu wetu hunywa supu ya pweza jioni kwa sababu nyingine wanazozijua wao, na wanawake wengi huiona ni ya wanaume. Nawaambia wanawake: mleni pweza, nyama yenyewe, wala si mchuzi peke yake. Apikwe kwa moto mdogo hadi alainike, na ukipunguza uzito usimtumbukize kwenye mafuta mengi.

Mara mbili kwa wiki pweza, mara moja maini, inatosha. Maini yana vitamini A nyingi mno, usiyale kila siku, na mjamzito ayaepuke au aulize kwanza.

Siku zilizobaki ni za kunde, maharage na pojo. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina kama miligramu 4, cha mbaazi kama 2. Wifi aliogopa mbaazi kwa ajili ya nazi, nami nikamwonyesha jikoni: chemsha mbaazi ziive kabisa, kisha badala ya tui zito la nazi nzima, tia robo kikombe cha tui jepesi na kitunguu. Ladha ipo, na kalori zimepungua zaidi ya nusu. Usiiondoe nazi yote, maana vitamini A ya mboga huhitaji mafuta kidogo ili inyonywe. Na loweka mbaazi na kunde usiku kucha umwage maji. Kule kuloweka hupunguza vile vitu vya kwenye ganda vinavyong'ang'ania chuma.

Hatua ya tano: isogeze chai

Hii haigharimu hata shilingi na ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kwenye kidaftari. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula cha nafaka, maharage au mboga inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha chakula hicho. Kahawa chungu nayo huzuia. Tangawizi na iliki hazina hatia, kinachozuia ni majani ya chai yenyewe, na chai ikiwa nyeusi zaidi huzuia zaidi.

Wifi alikuwa na milo mitatu na chai tatu, na kila kikombe kilikaa kando ya sahani. Hivyo hata zile miligramu 3 hazikuwa zake zote.

Sikumwambia aache chai, kwani huko ni kumwambia mtu wa Mombasa aache kuamkia watu. Nilimwambia aingojeze: saa moja kamili baada ya kula, au saa moja kabla. Asubuhi anakula saa moja, chai anakunywa saa mbili na nusu. Ramadhani ni vivyo hivyo. Futuru kwa tende na maji, kula, na chai iwe baada ya tarawehe.

Mahali pa chai weka kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume chake: husaidia chuma cha mimea kunyonywa. Hapa pia pana kosa la kawaida. Watu hukamua nusu ndimu kwenye mchicha wakadhani wamemaliza. Ndimu nzima ndogo ina vitamini C kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ukwaju, pamoja na uchachu wake wote, karibu hauna. Uchachu si kipimo. Pera moja dogo lina zaidi ya miligramu 100, chungwa moja kama 70, na kipande cha papai cha ngumi moja kama 80. Mwanamke anahitaji 75 kwa siku. Pilipili hoho mbichi ikikatwa kwenye kachumbari inasaidia sana, ila ikipikwa sana hupoteza.

Hatua ya sita: kalsiamu, na mchicha usiokuwa unavyodhania

Kikombe cha maziwa au mtindi kina miligramu 300. Ukinywa vikombe viwili umeshapita nusu ya safari. Maziwa yaliyotolewa mafuta yana kalsiamu ile ile, kwa hiyo mwenye kuogopa kilo ana njia, hana sababu ya kuyaacha. Tumbo likijaa gesi kwa maziwa mabichi, jaribu mtindi au maziwa mala, wengi huyavumilia. Usinywe maziwa pamoja na mlo wako mkuu wa chuma, maana kalsiamu nayo huzuia chuma kidogo. Saa nne asubuhi ni wakati wake.

Asiyekunywa maziwa, tegemeo lake ni dagaa. Vijiko vitatu vilivyojaa vya dagaa wakavu au omena vinaweza kutoa miligramu 300 na zaidi, pamoja na chuma na vitamini B12. Siri ni mifupa. Nilimkuta wifi sebuleni na ungo mapajani, anawavunja vichwa wale dagaa waitwao simu, mmoja mmoja, na kuwavuta mwiba wa katikati, amewapanga kwa uzuri kama anayefuma mkeka, na kalsiamu yote iko kwenye gazeti anakwenda kuitupa. Wale waliwe wazima. Ng'onda na samaki wakubwa hawasaidii hapa kwa sababu miba yao hailiki. Mwenye presha awaloweke dagaa wenye chumvi kwenye maji ya moto robo saa, amwage, arudie tena, na asiongeze chumvi jikoni.

Mboga za majani zinatofautiana kuliko watu wanavyojua. Mchicha ukiupima una kalsiamu nyingi, lakini una asidi inayoishika kalsiamu hiyo isiachiliwe, nyingi hutoka chooni. Kwa hiyo mimi simhesabii mchicha kalsiamu hata moja. Namhesabia chuma, vitamini A na folati. Sukuma wiki haina tatizo hilo: ngumi moja iliyopikwa hutoa kama miligramu 150 hadi 200, na hunyonywa vizuri karibu kama ya maziwa. Ukiwa sokoni Kongowea na fungu moja moja mkononi, sukuma ni ya mifupa na mchicha ni wa damu.

Mboga zote zioshe kwanza ndipo uzikate, na zikae motoni dakika chache tu. Ukikata ukaosha, vitamini C na folati zinakwenda na maji.

Uji wa wimbi nao husaidia, kikombe kina kama miligramu 100. Ila usiwe wa sukari nusu bakuli.

Hatua ya saba: vitamini za kukagua kwa macho

Vitamini A: je, kila siku kuna kitu cha rangi ya njano iliyokolea au kijani kilichokolea? Embe lililoiva, papai, boga, kiazi kitamu cha njano, mchicha. Kiazi kitamu cheupe hakihesabiki. Kiazi kimoja cha njano cha wastani kinatosha siku nzima na zaidi.

Folati haina shida ukirudisha kunde na mboga.

B12 haipo kwenye mmea wowote. Anayekula pweza, dagaa, maini, mayai au maziwa hana haja ya hofu. Wasiokula nyama wala samaki kabisa, na wanaotumia metfomini kwa ajili ya sukari kwa miaka mingi, waombe kupimwa. Ghala la B12 huchukua miaka kuisha, na ganzi ya miguu ikija mara nyingi watu huilaumu sukari peke yake.

Vitamini D haikaguliki kwa chakula, maana hata vibua na jodari, wenye mafuta mazuri, ni vigumu kuliwa kila siku. Hutengenezwa na ngozi juani. Tunaishi kwenye jua, lakini anayetoka nyumbani amejifunika, akafanya kazi ndani, halimfikii. Penye faragha, uani au juu darini, aoteshe mikono na miguu nusu saa hivi mara kadhaa kwa wiki, jua likiwa limepanda. Jua la alfajiri na la magharibi ni hafifu kwa kazi hii. Mwenye maumivu ya mifupa yasiyoisha apimwe.

Jumanne ile ile, imepangwa upya

Saa moja asubuhi: kikombe kimoja cha mbaazi zenye tui jepesi, na pera. Chai hakuna bado. Saa mbili na nusu: chai yake, bila sukari. Saa nne: kikombe cha mtindi. Saa saba: wali nusu sahani kama awali, pweza kiganja kimoja, mchicha ngumi moja uliokaangwa kwa kijiko cha mafuta, kachumbari yenye hoho. Saa tisa: chai. Saa kumi na mbili na nusu: kiazi kitamu cha njano, sukuma ngumi moja na dagaa wazima vijiko vitatu.

Chuma: mbaazi 2, pweza 8, mchicha 3, dagaa 2, sukuma moja na nusu, vilivyobaki moja na nusu. Jumla 18. Kalsiamu, bila kuuhesabu mchicha: mtindi 300, dagaa 350, sukuma 180, pweza 90, mbaazi 70. Jumla 990. Kalori ni kama 1300. Anakula zaidi ya alivyokuwa akila, na bado ni kidogo kuliko mahamri manne na sahani ya kujaa ya zamani, kwa hiyo kilo zinaendelea kushuka, ila polepole.

Siku isiyo ya pweza, kunde zikichukua nafasi ya mbaazi na kiganja cha nyama kikikaa mahali pa pweza, chuma kinafika kama 14. Ndiyo ukweli wake. Kwa mwanamke anayepata hedhi na anayepunguza chakula, 18 kila siku ni kazi ngumu, na ndiyo maana tunatazama wastani wa wiki na kupima ghala.

Vidonge, na kupima tena

Ghala likiwa tupu, chakula peke yake hulijaza polepole mno. Wifi alihitaji vidonge vya chuma, akaandikiwa na daktari baada ya vipimo. Kabla ya hapo, duka moja la dawa lilikuwa limemuuzia mchanganyiko wa vitamini na madini wa bei kubwa, na nilipousoma chupa ilikuwa na chuma kidogo sana pamoja na kalsiamu ndani ya kidonge kimoja. Soma nyuma ya chupa kabla ya kulipa.

Kidonge cha chuma kimezwe kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai, maziwa na kidonge cha kalsiamu kwa saa mbili. Choo huwa cheusi, usishtuke. Tumbo likikaza au likichafuka, mwambie daktari. Mara nyingi kidonge kimoja siku moja ndiyo siku moja siyo husaidia, usiache kimya kimya. Kalsiamu ya vidonge isipite miligramu 500 kwa mara moja, zaidi ya hapo hunyonywa vibaya. Usinunue chuma bila kupimwa, hasa kama kuna selimundu nyumbani, kwa sababu wapo ambao tayari wanacho kingi. Na chupa ikae juu kabisa pasipofikiwa na mtoto: vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Pima himoglobini tena baada ya mwezi mmoja. Ikiwa dawa inafanya kazi, inapaswa kuwa imepanda kama gramu moja au zaidi. Isipopanda, kuna chai mahali, au dawa haimezwi, au damu inavuja mahali, na hapo rudi kwa daktari. Ikishafika kawaida, vidonge huendelea kwa miezi mitatu hivi ili ghala nalo lijae, na feritini ipimwe mwisho.

Kwa wifi, hamu ya udongo ndiyo iliyoondoka mwanzo, wiki ya pili, kabla hata ya nguvu kurudi. Mwezi wa kwanza himoglobini ilifika 11.7, wa tatu 12.5. Siku tatu za kidaftari anaziandika tena kila mwanzo wa mwezi, na wiki iliyopita aliniita kunionyesha Ijumaa moja: pilau, kachumbari, na chai ya rangi saa saba na nusu kando ya sahani. Ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu.